Risiti ya dhahabu isiyosema uzito wa mawe itakukata siku ya kuuza

Kinachoniuma kwa masonara sio kwamba unauza kwa bei ndogo kuliko uliyonunulia, hiyo naielewa, ufundi ukishalipwa umelipwa, hakuna duka litakurudishia. Kinachoniuma ni mtu kukatwa kwa kitu ambacho siku ya kununua alikilipia kama dhahabu, alafu anaonyeshwa mizani anaambiwa ndo utaratibu. Ukifuatilia unakuta shida ilianzia kwenye risiti iliyoandikwa "mkufu dhahabu gramu 20" basi.

Tuuchukue huo mkufu. Ni karati 22, yani dhahabu asilimia 91.6, ndo maana una muhuri wa 916. Mizani inasoma gramu 20 lakini ndani yake kuna vijiwe vya kioo vya gramu 2, dhahabu yenyewe ni gramu 18 tu. Duka likakupigia gramu zote 20 kwa bei ya dhahabu, juu yake ufundi asilimia 12, kwahiyo ukiihesabu hela yako kwa gramu (nahesabu hivi ili bei kupanda na kushuka kusituchanganye) umetoa thamani ya gramu 22.4. Siku unarudi kuuza wanatoa mawe kwanza, zinabaki 18, wanakata asilimia 5 ya duka, unalipwa gramu 17.1. Zimepotea 5.3. Ufundi wa hizo gramu 18 ni 2.16, makato ya duka ni 0.9, na 2.24 zilizobaki ni vioo ulivyouziwa kwa bei ya dhahabu pamoja na ufundi wake. Yani kipande kikubwa kuliko vyote kwenye hiyo hasara ni vioo, na hicho ndo kipande pekee ambacho hakikupaswa kuwepo kabisa.

Sasa risiti ingekuwa na mistari miwili, uzito wote gramu 20 na uzito wa dhahabu bila mawe gramu 18, hiyo hesabu isingewezekana, muuzaji angelazimika kuyapa mawe bei yake pembeni na wewe ungeiona na kuamua kama unayataka. Mimi naona duka linalokataa kuandika uzito bila mawe limeshakujibu. Ufundi nao uandikwe peke yake, na bei ya gramu ya siku hiyo, na karati, sio neno "dhahabu" tupu.

Alafu kuna hili la makato, watu wanasikia "tunakata asilimia 5" wanaridhika, hawaulizi asilimia 5 ya nini. Duka linaweza kuwa na bei mbili kwa siku moja, ya kuuzia na ya kununulia, ukikatwa kutoka kwenye ile ya kununulia ambayo tayari iko chini umekatwa mara mbili na hujui. Pengine utaambiwa kipimo kimesoma 89 sio 91.6, wanakulipa kwa 89 na bado asilimia 5 inaondoka. Kusoma chini kidogo inatokea kweli, kwenye maungio ya cheni kuna risasi ya kuungia ambayo mara nyingi ina dhahabu kidogo kuliko cheni yenyewe, ila kama duka hilohilo ndo lilikuuzia kama 916 na kupiga ufundi juu yake, upungufu huo ni wao kuubeba. Omba wapime sehemu kadhaa mbele yako, mashine ya mionzi inasoma juujuu tu, ukigusa kiungio na ukigusa katikati ya pingili unaweza kupata namba tofauti. Na usikubali kiyeyushwe kabla hamjakubaliana hesabu, kikishayeyushwa hata ukighairi huna mkufu tena.

Kubadilisha ndo wanakupamba nako sana, "ukibadilisha hatukati kitu". Sawa, gramu zako 18 zinahesabiwa 18, lakini kipya cha gramu 18 kina ufundi wake asilimia 12, unaongeza thamani ya gramu 2.16 mfukoni. Ukiuza kwa fedha taslimu ungepoteza 0.9. Kwahiyo kubadilisha kunakufaa kama kweli unataka kipambo kingine, kama shida yako ni hela usikubali kusukumwa huko, na maduka mengine hayatoi fedha kabisa, yanabadilisha tu, jambo ambalo mteja alipaswa kuambiwa kabla hajalipa.

Kwahiyo kabla hujatoa hela mwambie aandike nyuma ya risiti: tunanunua tena kwa fedha au kubadilisha tu, makato asilimia ngapi, kutoka bei ipi, kwenye uzito upi, na mawe yanarudishwa kwa mteja au yanabaki dukani. Agonge muhuri na kusaini. Akisema hayo ni ya kuongea tu, peleka hela yako duka lingine.