Hamsini na Sita ya Nani?

Khalati yangu amevaa abaya nambari 56 tangu nilipokuwa mdogo. Akisafiri mtu kwenda Dubai, akiulizwa amletee nini, jibu lake ni hilo moja: nyeusi, kitambaa cha nida, 56. Zote zilizoletwa zilimkaa. Kwa hivyo mwezi uliopita, arusi ya bintiye ikiwa imebaki siku tisa, alipoona kwenye simu abaya ya Kituruki rangi ya zaituni na muuzaji akamwandikia "saizi gani mama?", alijibu bila kusita. Akalipa shilingi 6,500. Mzigo ukaja na basi hadi Mokowe, ukavuka na boti, kijana wa mkokoteni akauleta mpaka mlangoni, mtaa wa Langoni, Lamu.

Alipoivaa, mabega yaliteremka mikononi na kitambaa kikamzunguka kama tanga lililoshushwa. Alikaa kitandani nayo, hakusema neno kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, nimekonda hivi?" Swali hilo ndilo lililonikalisha niandike. Mwanamke mzima, mwenye mwili uleule, alianza kuushuku mwili wake kwa sababu ya nambari iliyoshonwa shingoni mwa nguo.

Khalati hakukonda. Hamsini na sita aliyoizoea na hamsini na sita aliyotumiwa ni vitu viwili visivyojuana.

Ile ya Dubai ni urefu. Inchi 56 kutoka begani hadi pindo, yaani karibu sentimita 142. Nambari ikipanda kutoka 54 hadi 56 hadi 58, kila hatua ni inchi mbili, sentimita tano hivi za urefu. Upana hautajwi popote, kwa sababu abaya ya asili hukatwa pana na mshonaji hudhani kila mwenye kimo hicho ataingia. Kanzu za wanaume nazo huenda kwa mtindo huohuo, ndiyo maana kaka zetu husema "mimi 58" wakamaliza.

Ile ya Kituruki hufuata hesabu ya Ulaya, na huko nambari ni ya mzingo wa mwili. Kwenye chati ya duka lile, 38 ni kifua cha sentimita 88, 44 ni kifua cha 100, na 56 ni kifua cha 134. Urefu karibu haubadiliki. Saizi zote walizipa 140. Khalati ana kifua cha 98. Aliagiza nguo ya mtu anayemzidi sentimita 36 kifuani, na chati ilikuwa palepale chini ya picha, ya tatu ukitelezesha kidole. Hakuifungua, kwa kuwa alijua saizi yake. Ni kujua huko kunakotuponza.

Niseme wazi ninachoamini: mtu hana saizi. Mtu ana vipimo, nguo ndiyo yenye saizi, na kila aliyeishona ameipa jina alilotaka yeye. Waliozoea kuchagua mitumba wanalijua hili bila kufundishwa: 12 ya Uingereza huwa karibu na 8 ya Marekani na 38 ya Ujerumani, na hata hizo nane mbili kutoka kampuni mbili za Marekani hazilingani. Marekani walikuwa na kipimo rasmi cha nguo za kike tangu 1958, wala hakikuwa cha lazima, kisha kikaondolewa 1983. Kila kampuni hujikatia inavyoona. Sasa sisi wa Lamu tunaagiza kutoka Dubai, Istanbul na Guangzhou kwa simu moja, siku moja, na tunawajibu wote kwa nambari moja.

Kwa hivyo jioni ile nilimwambia khalati anitolee ile abaya anayoipenda kuliko zote. Si mpya kuliko zote, anayoipenda. Akaleta ya nida iliyofifia, aliyoivaa Maulidi miaka mitatu mfululizo. Tukaitandaza juu ya mkeka, tukailainisha kwa mikono bila kuivuta, nikachukua tepu. Kwapa hadi kwapa: 57. Mara mbili, 114. Nyongani, pale ilipopanuka: 62, yaani 124. Kutoka pale bega linapokutana na shingo hadi pindo: 142. Mkono niliupima kuanzia shingoni hadi mwisho wa mkono, 74, maana abaya nyingi mshono wa bega hushuka, na ukipima mkono kuanzia kwenye mshono unapata nambari isiyofanana na ya nguo nyingine yoyote.

Kisha nikampima yeye mwenyewe: kifua 98, nyonga 108. Angalia tofauti. Nguo anayoipenda inamzidi sentimita 16 kifuani na 16 nyongani. Hiyo nafasi ndiyo stara yake, ndiyo anayoinama nayo kuwasha jiko na kupanda nayo ngazi ya nyumba yetu. Nida na krepu hazivutiki. Kitambaa kisichovutika kikikuzidi sentimita nne tu, utakivaa, lakini utakaa kama umefungwa, na kila ukiinua mkono pindo litapanda.

Na hapa ndipo wengi wanaosoma chati wanapokosea. Mtu amejipima vizuri, kifua 98, akaona kwenye chati XL imeandikwa 100, akafurahi, akaagiza. Inakuja inambana. Kwa nini? Kwa sababu ile 100 ilikuwa ya nguo, si ya mwili. Chati ni za aina mbili, na wauzaji hawasemi ni ipi.

Namna ya kuzitambua ni hii. Chati ya mwili mara nyingi huandika masafa, kama 96–100, na hutaja kifua, kiuno na nyonga, basi. Hiyo unalinganisha na mwili wako moja kwa moja, nafasi wameshaihesabu wao. Chati ya nguo mara nyingi huandika nambari moja moja na huongeza bega, mkono na urefu, vitu ambavyo hupimwa kwenye nguo. Hiyo unalinganisha na nguo yako uliyoitandaza, kamwe si na mwili. Na ukiona kifua kimeandikwa 50 au 57, jiulize kwanza: ni nusu, kwapa hadi kwapa, au ni inchi? Tazama safu ya urefu ya nguo hiyohiyo. Urefu ukiwa 140, wanahesabu sentimita, na 57 ni nusu. Urefu ukiwa 56, wanahesabu inchi.

Nguo za Kichina zinalaumiwa sana kwamba XL yao ni M yetu. Ni kweli kwamba herufi zao huwa ndogo. Lakini lebo ya ndani mara nyingi ni ya kweli kuliko herufi: ikiandikwa 165/88A, ina maana imekatwa kwa mtu wa kimo cha sentimita 165 na kifua cha 88, na ile A ni umbo, tofauti ya kifua na kiuno. Mwombe muuzaji akupigie picha lebo hiyo. Nguo za watoto zenye nambari kama 110 au 120 nazo ni kimo cha mtoto kwa sentimita, usiangalie umri.

Najua wauzaji wetu watasema. Wengi wao hawana nguo mkononi. Wana picha waliyotumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Nakubali, na najua biashara ile inalisha nyumba nyingi hapa mjini, zikiwemo za rafiki zangu. Lakini kama unaweza kuomba picha sita za mwanamitindo, unaweza kuomba picha moja ya tepu juu ya nguo. Kumuuliza mteja "saizi gani" bila kumwambia saizi ya nani ni kumwacha abebe hasara peke yake. Kurudisha mzigo kutoka Lamu si kama kurudisha kutoka mjini Mombasa: kuna boti, kuna basi, kuna siku zinazopita, na gharama zote ni za mnunuzi.

Tulimpelekea fundi ile kubwa tuone kama itaokoka. Akaigeuza ndani nje, akaitazama mabegani, akasema, "Kupunguza ubavu ni kazi ya nusu saa. Bega hili limezidi sentimita nne na nusu kila upande. Hapo sharti nifumue mikono yote, nikate upya, na nakshi ya mkono itakatika." Alitufundisha jambo ambalo sasa naliweka mbele ya mengine yote: urefu ukizidi, hupunguzwa, ila kama pindo lina darizi uwe tayari kuipoteza au ipandishwe kuanzia juu; upana ukizidi kidogo, huingizwa ubavuni; bega likizidi, ni kushona nguo mpya. Na upana ukipungua hakuna dawa, kwa sababu nguo za kiwandani huachiwa sentimita moja tu ndani ya mshono, hakuna cha kufumulia. Kwa hivyo ukiwa kati ya saizi mbili, chukua ya juu, lakini angalia bega kwanza.

Siku zilikuwa zimebaki saba. Nilimwandikia muuzaji mwenyewe, bila hasira, nikamweleza kwamba nataka kipimo cha nguo iliyotandazwa, kwa sentimita, za 44 na 46: kwapa hadi kwapa, bega, urefu. Alichukua siku nzima kujibu, lakini alijibu. 44: kwapa hadi kwapa 55. 46: 57. Bega la 46 lilikuwa 41, na la khalati ni 40. Urefu 140.

Kwa chati ya mwili khalati alikuwa 44, maana kifua chake 98 hakifiki 100. Kwa ile abaya ya Maulidi alikuwa 46, sentimita kwa sentimita. Tukafuata abaya ya Maulidi. Upungufu wa sentimita mbili za urefu haukumsumbua. Alisema afadhali, maana pindo linalogusa chini si la mtu anayepanda boti kwenda Shela. Mimi naona mwanamke yeyote wa hapa ajipime urefu akiwa amevaa viatu anavyotembelea, aache kama sentimita tatu kutoka chini. Ngazi za gati zina utelezi.

Iliingia Alhamisi, arusi Ijumaa. Aliivaa chumbani, akainua mikono yote miwili juu kama nilivyomwambia, akainama, akakaa, akasimama. Kisha akaenda kuchukua kalamu. Karatasi yenye 114, 124, 142 na 74 sasa iko ndani ya kopo lake la vifungo, na juu yake ameandika kwa hati kubwa: za nguo, si zangu.