Hamkupitia bodi, umeshajenga: nani abaki na shamba?

"Mwaka 2011 nilinunua ekari moja kwa shilingi 350,000, nikamaliza kulipa mwaka uliofuata, nikajenga, na watoto wangu wamekulia hapo. Hatukwenda bodi ya ardhi. Sasa mwenye shamba anasema mkataba wetu ni haramu na ananitaka nitoke. Je, mahakama inaweza kumsikiliza mtu aliyekula pesa yangu?"

Inaweza, na kwa miaka mingi mahakama za Kenya zilikuwa zikimsikiliza. Siku hizi mambo yamebadilika, lakini si kwa kiasi cha kukufanya ulale usingizi.

Chanzo ni kifungu cha 6 cha Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967. Kuuza, kukodisha, kuweka rehani au kugawa shamba la kilimo lililo katika eneo la udhibiti ni batili kwa kila hali, isipokuwa bodi ya eneo hilo imetoa kibali. Siku mlipotia sahihi hamkuvunja sheria yoyote. Mlikuwa na miezi 6 ya kupeleka maombi. Miezi hiyo ilipokwisha bila maombi, makubaliano yenu yalikufa yenyewe, bila mtu kuyavunja. Baya zaidi, kifungu cha 22 kinasema kwamba baada ya hapo, kulipa pesa, kupokea pesa au kukaa shambani kwa ajili ya kuendeleza mauzo hayo ni kosa la jinai. Kwa hiyo unapokwenda mbele ya jaji kuomba shamba, sheria inakuhesabu kuwa mtu aliyekuja kuomba msaada wa kukamilisha kosa.

Hapo ndipo unapoingia msimamo wa zamani, ambao jaji Mansfield wa Uingereza aliueleza mwaka 1775: mahakama haimpi mkono mtu ambaye madai yake yamesimama juu ya tendo haramu. Alikiri waziwazi kwamba mshtakiwa anayejitetea hivyo haonekani vizuri, na kwamba akishinda, ni kwa bahati tu. Mahakama haimtetei yeye, inakataa kutumiwa. Ndiyo maana jaji akiuona uharamu kwenye nyaraka anaweza kuuibua mwenyewe, hata kama hakuna wakili aliyeutaja.

Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 1983. Ilisema kwamba Bunge likishatamka kuwa mauzo ni batili kwa kukosa kibali, muuzaji anayeegemea tamko hilo hawezi kuitwa tapeli kwa sababu hiyo. Najua hayo yanaumiza masikioni mwa mtu aliyeuza ng'ombe ili anunue ekari moja. Lakini kabla ya kuwalaumu majaji, angalia bodi yenyewe inafanya nini.

Siku ya bodi watu hukusanyika kwenye ofisi za serikali mapema asubuhi. Mzee anaingia na kitambulisho chake na nakala ya hatimiliki, mnunuzi yuko nyuma yake. Swali la kwanza mara nyingi halihusu bei. Ni: "Mama yuko wapi? Anajua?" Mke akiwa nje anaitwa, na watoto wakubwa wakiwepo wanaulizwa watalima wapi. Nimeshuhudia mama akisema kwa sauti ya chini kwamba hajui lolote kuhusu mauzo hayo, na faili ikafungwa palepale, mnunuzi akiwa bado ameshika risiti zake. Sheria inaitaka bodi pia iangalie kama bei ni ya haki, kama kugawa shamba kutapunguza mazao yake, na kama mnunuzi ni raia. Kwa hiyo ukiruka bodi, hukuruka muhuri tu. Uliruka chumba pekee ambamo mke wa muuzaji angeweza kusema hapana kabla pesa haijaliwa.

Hiyo ndiyo hoja nzito ya upande wa kwanza, na naiheshimu. Mahakama ikizoea kuwaokoa walioruka bodi, nani atakwenda tena bodi?

Upande wa pili unaanza na hesabu. Sheria haikumwacha mnunuzi bila kitu: kifungu cha 7 kinamruhusu kudai alicholipa kama deni. Katika hali yako hiyo ni 350,000 zilezile, na pengine riba kidogo. Ekari hiyo leo ikiwa na thamani ya milioni 3, muuzaji anakurudishia bei ya 2011, anachukua ardhi ya leo, na nyumba yako imo humo. Tena madai ya deni huwa na ukomo wa miaka 6, kwa hiyo muuzaji mwerevu atanyamaza hadi muda huo upite ndipo akwambie utoke. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda mkulima asidhulumiwe inageuka kuwa panga mkononi mwake.

Mapema mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilikutana na jambo la namna hii: wanunuzi 88 waliogawiwa vipande vya shamba moja, wakalipa, wakaingizwa humo na muuzaji mwenyewe, wakajenga maisha yao. Mahakama ilikataa kumwacha ajifiche nyuma ya kukosekana kwa kibali. Ilitumia kanuni za ekwiti, yaani zile zinazotazama dhamiri ya mtu: aliyepokea bei yote na kukukabidhi shamba anahesabiwa kuwa ameishika hatimiliki kama amana, kwa niaba yako. Huombi utekelezaji wa mkataba uliokufa, unadai amana iliyozaliwa na mwenendo wake.

Mwaka huohuo haujaisha, majaji wengine wa mahakama hiyohiyo wakasema kinyume. Hoja yao ilikuwa nyepesi kufuata: ekwiti huifuata sheria, haiipindui. Bunge limesema batili kwa kila hali, limeweka adhabu, na limetaja nafuu moja, nayo ni kurudishiwa pesa. Jaji akiongeza nafuu nyingine anaifuta sheria kwa mlango wa nyuma. Na mtu akitaka kuwaunga mkono zaidi ataonyesha kwamba kifungu cha 6 chenyewe kinahesabu kutangaza amana juu ya shamba kuwa ni muamala unaohitaji kibali.

Kwa hiyo kwa muda wa miaka minne matokeo ya kesi yalitegemea ni hukumu ipi wakili wako alitangulia kuisoma. Mwaka 2018 mahakama hiyo ikiwa Eldoret ilirudi upande wa wanunuzi. Ilisema sheria ya bodi haikuifuta amana ya aina hii, na ikakumbusha kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeitaja ekwiti miongoni mwa tunu za taifa. Jibu la hoja ya kutangaza amana, kwa wanaokubaliana na hukumu hiyo, ni kwamba kutangaza ni tendo la mtu kwa hiari yake, ilhali hii inawekwa na sheria juu ya mtu asiyetaka.

Mimi naona hukumu ya 2018 iko sahihi, lakini si kwa kila mnunuzi. Sababu yangu inatoka Uganda. Serwano Kulubya, meya wa kwanza Mwafrika wa Kampala, alikodisha ardhi yake ya mailo, yaani ya umiliki wa kudumu wa Buganda, kwa mtu asiye Mwafrika bila ruhusa ambazo sheria za Buganda na za serikali ya kikoloni zilitaka. Baadaye akaidai. Mwaka 1963 Baraza la Faragha huko London, lililokuwa likisikiliza rufaa za mwisho kutoka Afrika Mashariki, lilimrudishia, ingawa naye alikuwa ameshiriki makubaliano haramu. Sababu moja ni kwamba hakuhitaji kuuegemea mkataba. Alikuwa mwenye ardhi na hilo lilitosha. Sababu ya pili ndiyo ninayoitaka hapa: makatazo yale yaliwekwa kwa faida ya Waafrika wenye ardhi, kwa hiyo hakuwa na hatia sawa na mwenzake. Mahakama ilitazama sheria iliwekwa ili kumlinda nani.

Uingereza yenyewe ilifika karibu na hapo mwaka 2016. Mtu mmoja alikuwa ametoa pauni 620,000 zitumike kubahatisha bei ya hisa za benki kwa taarifa za siri. Mpango haukufanyika, akataka pesa zake, na majaji wote 9 wakakubali arudishiwe. Wengi wao walisema badala ya kuishia kwenye neno haramu, uliza katazo lilikusudia nini, kukataa kutasaidia lengo hilo au kutaliumiza, na kama adhabu inalingana na kosa. Njia hiyo haiwezi kuvuka maneno ya wazi ya Bunge, na wakosoaji wake wanalalamika kwamba haitabiriki. Jaji mmoja wa karne ya 19 aliyafananisha maslahi ya umma na farasi mkorofi: ukishampanda hujui atakupeleka wapi. Hata hivyo kwenye amana nafasi ya kuuliza maswali hayo ipo.

Ukiyauliza juu ya shamba lako, majibu yanategemea mambo ambayo barua yako haikuyataja. Kama uliingia shambani kwa kukabidhiwa, bei ilikuwa ya haki kwa wakati ule, na familia ya muuzaji ilikuwepo ukipimiwa, basi bodi ingetoa kibali, na kukuondoa hakumlindi mtu yeyote. Lakini kama mke wake alikuja kuijua habari hii siku trekta lilipofika tu, yeye ndiye hasa bodi iliwekwa kwa ajili yake. Hapo ningetaka urudishiwe pesa na thamani ya nyumba, si upewe shamba juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo usisubiri ushtakiwe. Weka kizuio kwenye rejista ya ardhi ili asimuuzie mtu mwingine. Kusanya risiti, ujumbe wa malipo, na mashahidi wa siku uliyokabidhiwa. Chifu na jirani wa mpakani wana uzito kuliko karatasi nzuri ya wakili. Sheria inairuhusu mahakama kuongeza ule muda wa miezi 6 ikiona sababu ya kutosha, kwa hiyo omba nyongeza hiyo na utambuliwe kuwa mwenye amana, na uweke dai la kurudishiwa pesa kama dai la akiba. Mwambie wakili pia tarehe uliyomaliza kulipa. Ukiwa umekaa wazi zaidi ya miaka 12 baada ya hapo, kuna dai la umiliki kwa kukaa muda mrefu, ambalo halihitaji bodi. Na kabla ya yote hayo, nenda kamuulize mke wa muuzaji, kwa heshima, kama aliwahi kuambiwa.