Ubaridi wa Jazi-Roki Hautoki kwenye Umeme

Mashabiki wa roki wanaosema jazi-roki ni muziki wa baridi, usio na hisia, wana hoja. Ninachopinga ni kule kutupia lawama vyombo vya umeme na solo ndefu. Mpiga gitaa wa roki Jimi Hendrix alikuwa na vyote viwili, na hakuna aliyemwita baridi.

Chukua albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, In a Silent Way, iliyorekodiwa New York Februari 1969. Wimbo uliobeba jina hilo ulitungwa na mpiga kinanda Joe Zawinul, na Miles akaupunguza, akaondoa mabadiliko mengi ya sauti hadi ukabaki umetulia karibu wote juu ya noti ya E. John McLaughlin, mpiga gitaa Mwingereza aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Marekani, anaupiga taratibu kama anautafuta. Umeme ndio uliowezesha hali hiyo. Noti ya piano ya umeme huning'inia na kufifia polepole, kwa hiyo anayebuni papo hapo halazimiki kujaza kila nafasi. Anaweza kunyamaza na muziki ukaendelea kupumua. Mimi sijasikia baridi yoyote hapo.

Miaka miwili baadaye McLaughlin akaunda Mahavishnu Orchestra: Billy Cobham kwenye ngoma, Jan Hammer vinanda, Jerry Goodman fidla na Rick Laird besi. Katika albamu yao ya kwanza, ya 1971, kuna The Dance of Maya. Gitaa linaanza na mzunguko wa mapigo 10, mzito, wa kutisha kidogo. Baadaye inaingia bluzi ya mapigo 20, ambayo mwili unaipokea vizuri mpaka mwisho wa mzunguko, pale inapojikwaa. Kisha mzunguko wa kwanza unarudi juu ya bluzi hiyo, na unaingia barabara, kwa sababu 10 mara mbili ni 20. Kwangu huo ni ufundi wenye damu. Lakini aliyezoea kupiga makofi kwenye pigo la pili na la nne atapotea, tena hakuna mwimbaji wa kumshika mkono.

Kuna jambo jingine, nalo kwa maoni yangu ndilo linalouma zaidi. Katika Birds of Fire, ya 1973, Hammer anapiga Moog, kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti zake chenyewe, na kupinda noti kama mpiga gitaa. Gitaa, fidla na kinanda hicho vinapokimbia pamoja noti kwa noti, ni vigumu kujua nani ni nani. Huwezi kukimbia hivyo watu watatu bila kutunga na kufanya mazoezi mapema. Hapo hapana kubuni papo hapo. Baridi inayolalamikiwa iko kwenye vipande hivyo vilivyopangwa. Wakiachana na kila mmoja akashika solo yake, hasa Cobham anapomjibu McLaughlin pigo kwa pigo, joto linarudi mara moja.