Sifa za kampuni zisubiri: slaidi za zabuni zianzie kiwanjani

Slaidi za makandarasi wengi zinafanana kama zimetoka kwa fundi mmoja. Nembo, dira na dhamira, historia ya kampuni, cheti cha CRB, cheti cha mlipakodi, kisha picha 20 za majengo yaliyokwisha. Muda uliotolewa ni dakika 20, na nusu yake imekwisha kabla kiwanja cha mteja hakijatajwa hata mara moja. Mbinu ya ujenzi inasomwa mbiombio, timu inapita kama mchoro wa visanduku, na bei inatupwa mwishoni bila maelezo.

Msimamo wangu ni kwamba mbinu itangulie, ifuate timu, kisha sifa, na bei ifunge. Sababu ni ndogo tu. Mkandarasi anayeitwa kuwasilisha ameshapita mchujo. Vyeti vyake vilikaguliwa, ndiyo maana amepewa kiti. Kumsomea mtu tena barua aliyokwisha kuisoma ni kumchosha.

Kwanza tuweke mipaka. Kwenye zabuni za serikali ya Tanzania zinazopita NeST, mpangilio si wako: unajaza kinachoulizwa, pale kinapoulizwa. Vivyo hivyo kama barua ya mwaliko imetaja vigezo na alama zake. Hapo fuata mfuatano wao na uandike namba ya kigezo juu ya kila slaidi, ili mtoa alama asitafute. Ninayozungumzia hapa ni zabuni za SACCOS, hospitali binafsi, taasisi za dini, shule na wafanyabiashara, ambako kampuni tatu zinaitwa mbele ya kamati na kuambiwa, "Haya, tuelezeni."

Tuchukue mfano. SACCOS inataka jengo la maduka na ofisi Dar es Salaam, sakafu ya chini na ghorofa tatu juu yake, kila ghorofa mita za mraba 300. Mtaa ni mwembamba, na maji ya ardhini yako karibu. Kwenye kamati wamo mwenyekiti, mhasibu, wajumbe wawili na mkadiriaji majenzi waliyemkodi. Huyo wa mwisho ndiye atakayeulizwa ukishatoka nje.

Slaidi ya kwanza iwe ramani ya kiwanja chao, imechorwa juu yake: geti liko wapi, lori litageuzia wapi, kokoto na mchanga vitakaa upande gani, nondo zitakunjiwa wapi, na ukuta upi wa jirani utapigwa picha kabla ya kuchimba ili asije kesho akasema nyufa zake ni zako. Ghorofa moja hapa itameza zege kama mita za ujazo 60 ukijumlisha mihimili. Lori la mita za ujazo 6 litakuja mara 10 siku hiyohiyo. Je, mtaa unalipokea? Kama haulipokei, sema wazi kwamba zege litachanganywa papo hapo, na uonyeshe mashine ngapi zitawekwa na ipi ni ya akiba, kwa sababu mashine moja ikizima katikati ya kumimina, unabaki na kiungo cha zege mahali ambapo mhandisi hakukipanga.

Baada ya ramani ije kalenda, na kalenda iende na mvua. Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei. Mkataba ukisainiwa mapema Januari, wiki mbili za kuhamia saiti, uchimbaji mwisho wa mwezi, Februari yote ni ya msingi, na nguzo za chini zinatoka ardhini kabla mvua haijakolea. Ukisainiwa Machi, shimo litajaa maji. Basi weka kalenda mbili kwenye slaidi moja, ya Januari na ya Machi, ya pili ikiwa na pampu na wiki za ziada. Kamati nyingi huchelewa kusaini bila kujua gharama ya kuchelewa, na ukiwaonyesha mapema umejikinga na ugomvi wa baadaye.

Sasa mirunda, maana hapa ndipo mbinu hukutana na bei. Ukiweka mrunda mmoja kila mita pande zote mbili, ghorofa ya mita za mraba 300 inahitaji kama 300, iwe mirunda ya miti au ya chuma. Zege bichi la ghorofa ya juu linabebwa na mirunda iliyosimama juu ya ghorofa ya chini yake, na kama hiyo ya chini ni changa, nayo lazima ibaki na mirunda yake. Kwa hiyo seti moja haitoshi ukitaka kwenda haraka, unahitaji mbili, kama 600. Kampuni inayoandika siku 14 kwa kila ghorofa huku ikionyesha seti moja ya mirunda imejifunga yenyewe. Mkadiriaji atauliza ghorofa ya chini itashikwa na nini, na jibu litakuwa ama "tutaongeza" (na bei je?) ama kimya. Afadhali uandike siku 21 kwa ghorofa, seti mbili, na vipimo vya nguvu ya zege vya siku 7 na siku 28 vikiwa vimetiwa alama kwenye kalenda. Mteja wa kawaida hatajua hesabu za uhandisi, lakini ataona kwamba muda wako una kitu kinachoubeba.

Mbinu ipewe slaidi tano hivi pamoja na ramani, na karibu dakika 9.

Timu haihitaji mchoro wa visanduku 14. Inahitaji watu wanne: meneja wa mradi, mhandisi wa saiti, msimamizi mkuu wa mafundi, na afisa usalama. Kwa kila mmoja andika mambo mawili ambayo wasifu wa kawaida huficha: atakuwa saiti siku ngapi kwa wiki, na sasa hivi yuko kazi gani inayokwisha lini. Kinachoharibu zabuni nyingi ni mhandisi mmoja mwenye wasifu mnono kuwekwa kwenye zabuni tano kwa wakati mmoja. Washauri wanazunguka kamati hizohizo, na jina lililoonekana wiki iliyopita mahali pengine wanalikumbuka. Dalili nyingine ni kwamba anayewasilisha ni mkurugenzi au mtu wa masoko, huku meneja wa mradi hayupo chumbani kabisa. Mpe yeye sehemu ya mbinu aieleze mwenyewe. Akiijua kazi itaonekana, na asipoijua ni heri ugundue siku ya mazoezi ofisini.

Baada ya hapo sifa zinaingia kama ushahidi. Umesema utajenga mahali penye maji ya ardhini, mtaa mwembamba, ghorofa moja kila siku 21. Basi leta kazi tatu zinazothibitisha maneno hayo, siyo kazi tatu kubwa kuliko zote. Ghala la mabilioni pembezoni mwa mji halithibitishi kwamba unaweza kujenga katikati ya maduka. Kwa kila kazi toa bei ya mkataba na bei ya mwisho, muda wa mkataba na muda halisi, na mtu wa upande wa mteja anayekubali kupigiwa simu. Kama moja ilichelewa, iweke hivyohivyo na sababu yake kwa sentensi moja. Kampuni ambayo haijawahi kuchelewa hata siku moja haiaminiki, na mhasibu wa SACCOS analijua hilo kuliko wewe. Kama ulikuwa mkandarasi mdogo kwenye jengo hilo, au mlijenga kwa ubia, taja sehemu yako. Picha ambayo bango la mradi linaonyesha jina la kampuni nyingine hukuzwa na mtu mwenye simu kabla hujamaliza kuongea. Vyeti vyote vikae kiambatisho, ukurasa mmoja wa orodha wenye tarehe za mwisho wa uhai wake.

Utaratibu wa sifa kwanza una nafasi yake: pale mteja alipoita kampuni bila mchujo wowote na hakujui. Hata hapo slaidi moja inatosha kufungua mlango.

Kuhusu bei, wapo wanaosema itangulie kwa sababu kamati inaisubiri tu. Sikubaliani. Namba ikitoka kwanza, kila unachosema baadaye kinasikika kama kisingizio. Ikitoka mwisho, mirunda 600, pampu na mashine ya akiba tayari vina maana vichwani mwao. Lakini namba moja peke yake isisimame. Tuseme bei yako ni shilingi 1,500,000,000 kabla ya VAT. Kwa 18% VAT ni 270,000,000, jumla 1,770,000,000. Mshindani ameandika 1,590,000,000 kwa herufi kubwa bila kusema kwamba VAT haimo. Mjumbe wa kawaida anaona umemzidi kwa milioni 180. Ukweli ni kwamba bei yake ikiongezwa VAT inafika 1,876,200,000, na wewe ndiye mwenye nafuu ya milioni 106.2. Kwa hiyo mistari mitatu, kabla, VAT na jumla, iandikwe kwa ukubwa uleule. Chini yake orodhesha visivyomo: lifti, jenereta, gharama za kuunganishiwa umeme, samani. Slaidi ya pili ya bei ioneshe malipo mwezi kwa mwezi, kwa sababu SACCOS haina jumla hiyo kwenye droo. Inataka kujua mwezi upi utaibana zaidi.

Kuna hali moja ambapo bei haitakiwi kuonekana kabisa: zabuni ya bahasha mbili, ya ufundi na ya bei. Kuiondoa slaidi ya bei hakutoshi, maana bei huvuja kwa njia za pembeni. Jedwali la malipo ya kila mwezi linajumlishika. Dhamana ya zabuni iliyoandikwa kuwa 2% ya bei, pamoja na kiasi chake, inampa mtu bei yako kwa kuzidisha mara 50. Mbaya kuliko zote ni chati ya kalenda iliyonakiliwa kutoka Excel kwenda PowerPoint: inaweza kubeba kitabu kizima cha hesabu ndani yake, na anayebonyeza Edit Data anafungua hadi karatasi ya bei. Bandika chati kama picha, pitisha faili kwenye File > Info > Check for Issues > Inspect Document, kisha tuma PDF. Bahasha ya ufundi ikikutwa na bei, zabuni inatupwa bila kujadiliwa ubora wake.

Slaidi ya "Asanteni kwa kutusikiliza" iondoe. Kinachobaki ukutani wakati wa maswali ndicho kinachotazamwa kwa muda mrefu kuliko vyote, wakati mwingine dakika 20 nzima. Rudisha ramani ya kiwanja, yenye geti, lundo la kokoto na kalenda pembeni. Maswali yao yataanzia hapo.