Lugha ya kufundishia sekondari: kwa nini shule haiwezi kubadilishwa peke yake

Mtoto anayemaliza shule ya msingi ya serikali Rungwe, Kilolo au Makete huwa amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Akifika kidato cha kwanza, baada ya wiki chache za kozi ya awali, anatakiwa ayasome masomo hayo hayo kwa Kiingereza na kuyafanyia mitihani kwa Kiingereza. Kiingereza alichokuja nacho ni cha vipindi vya somo moja, vilivyofundishwa mara nyingi na mwalimu ambaye naye hapati mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo kijijini. Mjadala kuhusu mpangilio huu una umri wa zaidi ya miaka 40, na ninaona kwamba umekwama kwa sababu pande zote mbili, ya wanaotaka Kiswahili na ya wanaotaka Kiingereza kibaki, huuzungumzia kana kwamba shule inajiamulia lugha yake yenyewe.

Ni vyema tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Katiba ya Tanzania ya 1977 haina ibara inayotaja lugha rasmi ya nchi. Inachosema ni kwamba mtu anayetaka ubunge awe anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Nafasi ya lugha hizi mbili imejengwa kwa maamuzi ya kiutawala, moja baada ya jingine. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, mbunge wa Njombe, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985 na kiendelee kupanda darasa kwa darasa hadi chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikukubali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufungua tena mlango ule ule kwa kukitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote huku Kiingereza kikiendelea pia kutumika, lakini toleo la 2023 la sera hiyo limekiacha Kiingereza mahali pake sekondari. Wakati huo huo, mwaka 2021, sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo nchi inamwandaa mwanasheria kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi shahada, kisha inamtaka asimame mahakamani kwa Kiswahili.

Wanaotaka Kiswahili sekondari wana hoja yenye nguvu, na nguvu yake huonekana mtu anapokaa nyuma ya darasa. Katika shule moja ya kata ambako niliwahi kukaa hivyo, kipindi cha baiolojia kilihusu osmosisi. Mwalimu aliandika maana yake ubaoni kwa Kiingereza, wanafunzi wakainakili, wakaisoma kwa sauti moja, na alipouliza kama wameelewa wakaitikia wote kuwa wameelewa. Kisha akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini samaki waliotiwa chumvi hawaozi upesi. Darasa lilikaa kimya. Alipolirudia swali kwa Kiswahili, mikono ilinyooshwa, na msichana mmoja ambaye nyumbani kwao wanauza samaki wa Ziwa Nyasa alieleza kwamba chumvi huyavuta maji ya samaki na ya vijidudu vilivyomo, na kijidudu kilichokaukiwa maji hakiwezi kuozesha kitu. Hilo ni jibu kamili. Mwalimu alipomwambia aliandike kwenye daftari la mazoezi, aliandika ile maana ya ubaoni, neno kwa neno, bila samaki wala chumvi.

Msahihishaji wa mtihani wa taifa hawezi kumpa alama msichana huyo kwa kile alichokisema, kwa kuwa kilichomfikia ni karatasi. Wala hasara haiishii kwenye alama. Mwalimu anayejua kwamba mtihani ni wa Kiingereza hufundisha kile kitakachoweza kukaririwa, kwa hiyo maswali ya kwa nini na ya vipi hupungua, na maana za maneno na orodha huongezeka. Dalili yake ni rahisi kuitambua kwenye daftari: sentensi zisizo na kosa hata moja zikifuatiwa na jibu la mwanafunzi mwenyewe lisilosomeka. Daftari la namna hiyo linaonyesha kwamba sayansi haikuingia, na Kiingereza nacho hakikuingia, ingawa ndicho kilichotolewa kuwa sababu ya mpango mzima. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha jambo linaloshangaza wengi: watoto waliofundishwa kwa lugha ya nyumbani katika miaka mitatu ya kwanza walikuja kukijua Kiingereza vizuri zaidi madarasa ya mbele kuliko wenzao walioanzishwa kwa Kiingereza moja kwa moja.

Kama hoja ingeishia hapo, uamuzi ungekuwa mwepesi. Hata hivyo upande wa pili una ushahidi wake, na nadhani watetezi wa Kiswahili, ambao mimi mwenyewe niko karibu nao, wamekuwa wakiupita haraka mno. Ushahidi huo unatoka Moroko. Mwaka 1983 nchi hiyo iliacha kufundisha kwa Kifaransa katika madarasa yanayofuata elimu ya msingi na kuingia Kiarabu, ambacho ndicho lugha ya taifa. Wachumi Joshua Angrist na Victor Lavy walipofuatilia matokeo, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1997, walikuta kwamba kizazi kilichosoma chini ya mpango mpya kilipata faida ndogo zaidi ya kipato kutokana na elimu yake kuliko kizazi kilichotangulia, na sababu kubwa ilikuwa kushuka kwa uwezo wa kuandika Kifaransa. Shule zilibadilika, lakini ofisi na makampuni yaliendelea kuajiri kwa Kifaransa. Mzigo wa badiliko hilo ulibebwa na vijana.

Somo la Moroko linatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, msimamizi huongea na wachumaji kwa Kiswahili, na pengine kwa Kihehe, lakini taarifa zinazopanda kwenda kwa uongozi na kwa wanunuzi wa nje huandikwa kwa Kiingereza. Tunduma ni hivyo hivyo: wakala wa forodha anaweza kumalizana na dereva wa lori kwa Kiswahili, lakini nyaraka za mzigo unaovuka kwenda Zambia, ambako lugha rasmi ni Kiingereza, haziandikwi kwa Kiswahili. Kwa maneno mengine, kazi nyingi hufanyika kwa Kiswahili mdomoni, na kupanda cheo hutegemea Kiingereza cha kuandika. Mzazi wa Mwanjelwa anayebana matumizi ili ampeleke mtoto shule binafsi ya Kiingereza anaujua ukweli huo, na si haki kumwita mtumwa wa kasumba. Iwapo shule za serikali zitahamia Kiswahili na soko la ajira likabaki lilivyo, mtoto wake atakuwa na karatasi ambayo mtoto wa mkulima wa Isansa au Ludewa hana, na pengo lililopo litakuwa kubwa zaidi.

Hapo ndipo pande mbili zinapaswa kukutana, na kinachozitenganisha ni swali ambalo huulizwa mara chache: Kiingereza gani hasa kinahitajika, na nani anakihitaji? Upo mfano mmoja wa mwajiri aliyelijibu swali hilo vizuri, nao uko serikalini. Tangazo la ajira ya katibu mahsusi daraja la tatu kwa miaka mingi limemtaka mwombaji awe amefaulu hatimkato, yaani mwandiko wa mkato wa kunakili maneno haraka, ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 80 kwa dakika moja. Sharti hilo linataja lugha zote mbili, linataja ujuzi, na linataja kiwango kinachopimika. Chuo cha uhazili kinajua kifundishe nini, na msichana aliyesoma masomo mengine yote kwa Kiswahili angeweza kulitimiza kwa kufundishwa Kiingereza kama somo na mtu anayekijua. Linganisha na matangazo mengi mengine yanayodai tu kwamba mwombaji awe na Kiingereza kizuri, hata kwa kazi ambayo atakaa siku nzima akihudumia wananchi wa Chunya kwa Kiswahili. Sharti la aina ya pili halipimi kazi. Linapima shule ambayo mtu alisoma.

Kwa maoni yangu, basi, mpangilio wa hatua una uzito kuliko uchaguzi wenyewe wa lugha. Pa kuanzia ni penye mamlaka ya serikali peke yake: mitihani na ajira zake. Karatasi ya baiolojia, ya jiografia au ya historia ya kidato cha pili inaweza kuchapishwa kwa lugha zote mbili, swali moja likiwa limeandikwa upande kwa upande, na mtahiniwa akaruhusiwa kujibu kwa lugha anayoitaka. Kidato cha pili kinafaa kwa kuwa cheti cha kuombea kazi hakitokani nacho, hivyo kosa la mwanzo halitamharibia mtu maisha. Msamiati wa masomo hayo upo zaidi kuliko watu wanavyodhani, maana kazi ya istilahi imefanywa na Baraza la Kiswahili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo kadhaa. Kinachokosekana ni vitabu vya kiada vinavyoutumia na walimu waliouzoea. Tusifiche ugumu huo. Mwalimu wa fizikia aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo hawezi kuamka siku moja akafundisha mkondo wa umeme kwa Kiswahili fasaha, na usahihishaji wa lugha mbili utahitaji wasahihishaji wanaoelewana juu ya istilahi zipi zinakubalika, kabla ya karatasi ya kwanza kufunguliwa.

Kiingereza nacho hakipaswi kuachwa kijitegemee. Mpango wowote wa kukitoa kwenye baiolojia lazima uongeze vipindi vya Kiingereza chenyewe, vitabu vya hadithi vya kusoma, na mafunzo ya walimu wa somo hilo kuanzia msingi. Bila hivyo tutakuwa tumefuata njia ya Moroko.

Limebaki kundi moja ambalo mjadala wetu huliruka. Katika vijiji vya Makete, Ileje na sehemu za Rungwe, mtoto anaingia darasa la kwanza akizungumza Kikinga, Kindali au Kinyakyusa, na Kiswahili chenyewe kwake ni lugha ya pili. Ethiopia, tangu sera yake ya 1994, imefundisha madarasa ya mwanzo kwa lugha nyingi za maeneo, na Zambia jirani yetu ilirudi kwenye lugha za maeneo kwa madarasa manne ya kwanza katika muongo uliopita. Sera yetu haizipi lugha hizi nafasi yoyote darasani, kwa sababu inayoeleweka ya kulinda umoja uliojengwa kwa Kiswahili, na mimi sipendekezi vitabu vya kiada vya Kikinga. Ila mwalimu wa darasa la kwanza anayetumia Kinyakyusa kwa dakika mbili ili mtoto aelewe maana ya kutoa na kujumlisha anafanya kazi yake ipasavyo, na mkaguzi anayemkuta akifanya hivyo angepaswa kuandika kwenye taarifa yake kwamba watoto wameelewa.