Faini ya asilimia 3 si ndiyo ya kuogopa

"Nilikopa benki milioni 10 kwa miaka mitano, riba asilimia 16, nakatwa kwenye mshahara. Nimeshakatwa miaka miwili. Nimeuza kiwanja, nina milioni 7 na nusu mkononi. Benki wanasema nikilipa kabla ya muda kuna faini ya asilimia 3 ya ninacholipa. Nimalize deni au hela nizifanyie kitu kingine?"

Kwanza chukua ratiba yako ya marejesho uangalie safu ya riba. Kama mwezi wa kwanza riba ilikuwa 133,333 na ikawa inashuka kila mwezi, riba yako inafuata salio. Kama namba ni ileile mwanzo hadi mwisho, ulipigiwa riba ya mkopo mzima siku ya kwanza, na hapo kuna wakopeshaji wanaodai riba yote hata ukimaliza mapema. Kwa mkopo wa namna hiyo, usipopewa msamaha wa riba kwa maandishi, kuwahi kulipa hakukuokolei kitu.

Nachukulia yako inafuata salio. Makato ni kama 243,180 kwa mwezi. Katika miezi 24 umelipa zaidi ya milioni 5.8, lakini deni limepungua milioni 3.08 tu; linabaki kama 6,917,000. Hiyo milioni 2.75 nyingine ilikuwa riba. Wengi wakiona hivyo husema "riba nimeshailipa, kuna haja gani ya kuwahi?" Kuna ukweli kidogo humo: riba kubwa imeshapita. Ila miezi 36 iliyobaki bado imebeba riba ya 1,837,000. Ukimaliza leo unatoa faini 207,500, unabaki umeokoa 1,630,000. Ungengoja hadi mwaka wa mwisho, ungeokoa kama 157,000 tu baada ya faini, na hapo nisingekushauri ujisumbue.

Upande wa pili una hoja nzito. Hela iliyoingia benki kulipa deni hairudi. Ukilipa yote na faini utabaki na 375,000 hivi, na ikifika Januari ya ada, au mtu akilazwa, utarudi kukopa, pengine kwa masharti mabaya kuliko haya. Wapo pia wanaosema heri hela izae. Sawa, lakini izae kiasi gani? Kulipa deni lako, faini ikiwa imo, ni sawa na kuwekeza mahali panapokupa karibu asilimia 14 kwa mwaka bila wasiwasi wowote. Hatifungani ya serikali ya Tanzania ya miaka 20, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ilikuwa ikilipa asilimia 15.49, mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.10; kwa hiyo angalia kiwango cha sasa kwanza. Kukopa kwa 16 huku umewekeza kwa 12 kama hiyo ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Biashara inaweza kuzidi 14, ila iwe biashara unayoifanya tayari na hesabu zake unazo. Ya kuanza kesho kwa sababu kiwanja kimeuzika, hapana.

Ningekuwa wewe, ningelipa milioni 5 na faini yake ya 150,000, nikabaki na 2,350,000. Lakini hapa ndipo watu wanapopigwa bao bila kujua. Ukipeleka malipo ya sehemu, benki inaweza kufanya mojawapo ya mambo mawili: kushusha makato na kuacha muda uleule, au kuacha makato yaleyale na kufupisha muda. Ukishushiwa, makato yanakuwa kama 67,400 kwa miezi 36, na riba unayookoa ni 1,328,000. Ukifupishiwa, deni linakwisha ndani ya miezi tisa na unaokoa karibu 1,715,000. Toa faini, unabaki na 1,565,000: pungufu ya kama 65,000 tu kuliko ungemaliza deni lote leo, na mfukoni una zaidi ya milioni mbili. Barua yako iseme wazi, "naomba kufupishiwa muda, makato yabaki yalivyo." Kisha dai ratiba mpya; kama bado ina mistari 36, hawajakuelewa.

Kama mshahara haukufikishi mwisho wa mwezi, kushushiwa makato hakuna aibu. Unalipia nafasi hiyo kwa riba zaidi, basi.

Uliza pia kuhusu bima ya mkopo, kama uliilipa yote mwanzoni. Huenda sehemu ya muda usiotumika ikarudishwa. Na deni likishaisha, chukua barua ya kuthibitisha na uipeleke mwenyewe kwa mhasibu wa mishahara. Mimi nilidhani wataambiana wao kwa wao, nikakatwa miezi miwili zaidi, na kuirudisha hiyo hela kulinichukua muda kuliko kuukopa ule mkopo wenyewe.