Shilingi ya Kenya hukatwa mara mbili kabla ya kufika Tanga

Msimu wa machungwa ya Muheza ukichanganya, malori hupita Horohoro kuelekea Mombasa, na baada ya siku chache malalamiko huanza. Mnunuzi amelipa kwa shilingi ya Kenya, fedha zimeingia benki, lakini zikigeuzwa kuwa shilingi zetu zinakuwa pungufu kuliko hesabu ya kwenye simu. Wauzaji wengi hapa Tanga wanasema wameibiwa. Nawaelewa, ila naona sehemu kubwa ya makato hayo chanzo chake si wizi, na anayeelewa chanzo ndiye anayeweza kubishana na benki akasikilizwa.

Benki hutangaza bei mbili za kila sarafu: ya kununulia na ya kuuzia. Pengo kati yake ndilo malipo ya afisa wa kitengo cha hazina kwa kukubali kubaki na sarafu uliyomwachia. Akinunua yuro kwa dola, habaki nazo. Anaziuza papo hapo kwa benki nyingine, kwa kuwa saa yoyote ya kazi kuna mabenki mengi makubwa yanayotoa bei. Hatari yake ni ya sekunde chache, kwa hiyo pengo baina ya mabenki mara nyingi halifiki hata sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Kwa fedha yenye thamani ya shilingi milioni kumi, hiyo haizidi shilingi elfu moja.

Sasa mpe afisa huyohuyo shilingi za Kenya mjini Tanga. Atamuuzia nani? Soko letu la fedha za kigeni baina ya mabenki, lililoanza mwaka 1994, kazi yake kubwa ni dola kwa shilingi ya Tanzania. Huko hakuna foleni ya mabenki yanayosubiri shilingi ya Kenya. Akikaa nayo hadi kesho, bei inaweza kumgeuka, na Benki Kuu imeweka ukomo wa fedha za kigeni ambazo benki inaweza kubaki nazo bila kuziuza. Huu ndio upungufu wa ukwasi. Sarafu inaweza kuwa imetulia kabisa, isipande wala kushuka, na bado pengo lake likawa pana, kwa sababu tu aliyeinunua hana pa kuitolea.

Njia inayobaki ni kupitia dola. Katika uchunguzi wa Benki ya Malipo ya Kimataifa wa Aprili 2022, dola ilikuwa upande mmoja wa miamala 88 kati ya kila 100 ya fedha za kigeni duniani. Kwa hiyo shilingi ya Kenya inauzwa kupata dola, kisha dola inauzwa kupata shilingi ya Tanzania. Kila hatua ina pengo lake, na yote mawili unayabeba wewe.

Tuchukue tarakimu za mfano, nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Bei ya katikati ya dola ni shilingi 129 za Kenya na 2,580 za Tanzania, kwa hiyo shilingi moja ya Kenya ni sawa na 20 zetu. Muuza machungwa ana 500,000 za Kenya na anatarajia milioni kumi. Benki inamuuzia dola kwa 130, anapata dola 3,846. Kisha inazinunua dola hizo kwa 2,550, anapata takribani 9,807,000. Zaidi ya shilingi 190,000 zimekwenda, karibu asilimia mbili, wala hakuna aliyemtajia ada yoyote.

Wapo wanaosema dawa ni mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, unaoruhusu kulipana kwa sarafu zetu wenyewe. Ni mfumo mzuri, lakini unasafirisha fedha tu. Hauleti mtu wa kutoa bei.

Lawama yangu naielekeza kwa mabenki yenye ndugu zao Kenya. Hayo yana wateja wa Tanga wanaopokea shilingi za Kenya, na wateja wengine wanaozihitaji kulipia bidhaa kutoka Mombasa. Yakiwakutanisha hao ndani kwa ndani, dola haihitajiki kwa kiasi kilicholingana, na sehemu kubwa ya hatari inayolipishwa haipo. Benki inayofanya hivyo halafu ikatoza pengo zima la njia ya dola inajilipa kwa kazi isiyoifanya.

Kulijua hilo si vigumu. Kabla hujasema unauza au unanunua, omba bei zote mbili za shilingi ya Kenya. Kwa mfano wetu, tukiweka pengo lilelile na upande wa pili wa bei ya katikati, njia ya dola ingetoa takribani 19.62 ya kununulia na 20.39 ya kuuzia. Ukitajiwa 19.2 na 20.8, muulize afisa nyongeza hiyo inatoka hatua ipi, kisha piga simu benki ya pili kabla hujasaini.